Eksi Juu ya Mama wa Maziwa

Sina ugomvi na rangi nyekundu. Nimeitumia maisha yangu yote. Kazi yangu pale Isiolo ilikuwa kutengeneza vitu vya kutazamwa: kadi za harusi, programu za mazishi, mabango ya maduka, kalenda za makanisa. Nilikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, kompyuta mbili, printa yenye kiburi na vumbi lisilojua Jumapili. Mimi ni Mmeru, nilishuka kutoka mlimani kutafuta kazi nikiwa msichana, na mji ukanishika. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa daktari. Aliyejua mambo ya afya alikuwa rafiki yangu.

Huyo tuliishi naye ploti moja, mlango kwa mlango, miaka mingi. Tuliazimana chumvi, tukaazimana nguo, tukaazimana mpaka viatu vya kanisani. Mamake alipofariki, programu ya mazishi niliitengeneza mimi, nikachagua picha ile ambayo mama wa watu alikuwa na tabasamu, na rafiki yangu akanishika mkono akasema hakuna mtu mwingine angemchagulia picha ile. Kama ungeniuliza wakati huo ni nani dadangu, ningekutajia yeye kabla ya ndugu zangu wa tumbo moja.

Kaunti zilikuwa bado changa, na miradi ya afya ilikuwa inaingia mji ule kila siku na magari meupe. Rafiki yangu akapata kazi katika mmoja wa miradi hiyo. Kazi yake ilikuwa kwenda vijijini kuzungumza na watu kuhusu magonjwa. Siku moja akaja dukani kwangu, akavuta kiti, akavua viatu kama mtu aliyefika kwake.

"Niko na kazi," akasema, "na sitaki kuipatia mtu mwingine."

Kazi yenyewe ilikuwa juu ya ule ugonjwa wa maziwa mabichi. Wengi wa huko wanaujua bila kuujua. Mtu anashikwa na homa, inaondoka, inarudi. Viungo vinamuuma mpaka kuinuka kitandani ni shida. Analoa jasho. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Watu wanameza dawa za malaria tena na tena, kumbe ugonjwa umetoka kwa mbuzi, ng'ombe au ngamia, kupitia maziwa ambayo hayakuona moto, au kupitia mikono mitupu iliyoshika kondo la nyuma la mbuzi aliyetupa mimba. Kujikinga si mlima. Chemsha maziwa mpaka yapande. Usishike kitu cha mnyama aliyezaa au kutupa mimba bila kufunika mikono. Basi.

Shida ilikuwa slaidi. Mradi ulikuwa umetuma zake kutoka Nairobi, na rafiki yangu akanifungulia nizione. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maneno matupu, yamejaa kama abiria wa siku ya mnada. Wa pili ulikuwa na mdudu wa kijani mwenye meno. Wa tatu, ng'ombe wale wa Kizungu, weusi kwa weupe, viwele vikigusa nyasi, na mama mwenye aproni mbele ya jiko la gesi. Halafu mishale kila mahali. Watu ambao wangeonyeshwa vitu hivi, wengi hawakusoma kabisa, na waliosoma walisoma pole pole, kidole chini ya neno. Mpaka mtu afike mwisho wa mstari wa kwanza, slaidi imeshapita.

"Tutupe zote," nikasema.

"Ndiyo nimekuja kwako," akasema.

Tukaanza upya. Nilichora picha chache za majaribio, nyingine nikakata kutoka kwa picha nilizokuwa nazo, nikazichapisha kwenye karatasi kubwa, tukapanda gari mpaka Ngaremara. Pale kando ya barabara kuna akina mama wanaouza maziwa na makaa, na mmoja wao rafiki yangu alikuwa anamjua. Mimi nitamwita mama wa maziwa, kwa sababu hilo ndilo jina alilojulikana nalo pale. Alikuwa Mturkana, mrefu, shanga zake zimepanda shingoni mpaka karibu na kidevu. Maziwa yake, ya mbuzi na ya ngamia, yalinunuliwa na walimu, na madereva wa malori, na akina mama wenye watoto wadogo ambao mbuzi wao walikuwa wamekaukiwa. Kila mtu alikuwa anajua kibuyu chake husafishwa kwa moshi vizuri. Watoto wake walisomeshwa na maziwa yale. Mumewe alikuwa mbali na mifugo mara nyingi, na nyumba ilisimama kwa mgongo wa mama.

Alitukalisha kwenye viti vidogo, akaita wenzake. Hapo ndipo nikajifunza jinsi ya kujaribu picha. Humuulizi mtu, "Umeelewa?" Ukimuuliza hivyo atakuambia ndiyo, kwa adabu tu, maana wewe ni mgeni na hataki kukuaibisha. Unamuonyesha picha moja, unamuuliza, "Unaona nini?" Halafu unafunga mdomo. Kwangu mimi kufunga mdomo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchora.

Nilikuwa nimechora kichwa cha mbuzi peke yake, bila mwili. Nilikiona kizuri. Mama mmoja akatazama akauliza nani amemchinja. Yule mdudu wa slaidi za Nairobi, niliyemchapisha pia ili nione, wakamgeuza huku na huku, wakasema afadhali, kwao hakuna mnyama huyo. Mshale waliona ni mshale, tena umekosa. Nilikuwa na karatasi moja yenye picha nne, mama akikama, akimimina, akichemsha, akinywesha mtoto. Nilidhani ni hadithi moja. Wao waliona akina mama wanne wa boma moja, kila mmoja na kazi yake, na wakasema yule wa chini ni mvivu kwa sababu amekaa. Nikawa naandika, naandika, huku nikijisikia mjinga na kufurahi kwa pamoja.

Halafu nikatoa ile ya eksi. Ilikuwa mtoto anakunywa maziwa mabichi, na juu yake eksi kubwa nyekundu, kusema usifanye hivi.  Mama wa maziwa ndiye aliyesema.

"Hii imewekwa rangi," akasema. "Watabomoa."

Sikumuelewa. Akanyoosha mkono upande wa barabara. Watu wa idara ya barabara walikuwa wamepita wakipaka vibanda vilivyosogea karibu na lami, kila kibanda eksi nyekundu. Ukipakwa, serikali imekuona, imekukataa, unasubiri tinga la kubomoa. Kibanda cha jirani yake kilikuwa nayo bado, na hakuna mtu alikuwa anakaa hapo tena, hata kuomba kivuli. Wale akina mama walikuwa hawajui kusoma hata herufi moja, lakini hiyo alama walikuwa wanaisoma kabisa. Walitaka kujua yule mtoto wa kwenye picha amefanya nini, na serikali inamtaka wapi.

Rafiki yangu alikuwa ameketi ubavuni mwangu, goti lake limegusa langu. Alisikia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye alikuja kuongea kama mtu ambaye hakuwepo. Alicheka, akanichukua ile karatasi mkononi, akaikunja. "Hii tuondoe kabla haijatuchomea kazi," akasema. Tukarudi, na njiani tukakubaliana: hakuna eksi, hakuna picha ya ubaya. Tutaonyesha kinachofaa kufanywa tu, picha moja kwa slaidi moja, ijaze lote lile shuka la kuonyeshea. Mwili mzima, si kipande. Vyombo vya huku, mbuzi wa huku, moto wa mafiga matatu. Maneno mawili chini, makubwa, kwa yule anayetaka kujaribu kidole chake. Mengine yote yatasemwa kwa mdomo na yule anayesimama mbele.

Na tutumie uso wanaoujua. Hilo lilikuwa wazo langu, na nililitetea kwa nguvu. Nilisema mtu asiyesoma akiona mama wa Nairobi anachemsha maziwa, ataona mama wa Nairobi. Akimuona mama wa maziwa anachemsha, ataona maziwa.

Tulimrudia kumuomba. Hakurukia. Alimaliza kumhudumia mteja kwanza, akafunga kibuyu, akauliza, "Uso wangu utaenda wapi?"

Nilianza kueleza mambo ya projekta. Rafiki yangu akanikatiza, akamshika yule mama mkono. "Mama, utaenda kanisani hapa, na shule, na labda mpaka Kipsing. Wewe ndiye utakuwa mama ambaye anafanya vizuri. Wengine wote watafuata wewe."

"Vizuri peke yake?"

"Vizuri peke yake."

Akakubali. Siku ya kupiga picha alikuja amejipaka mafuta, shanga zimeongezeka, na mtoto wake wa mwisho ameoshwa mpaka anang'aa. Alikama mbuzi. Alimimina maziwa kutoka kibuyuni mpaka kwenye sufuria. Aliweka sufuria motoni, na tukangoja mpaka maziwa yakapanda na povu, nikapiga haraka kabla hayajamwagika. Mtoto akanywa kwenye kikombe cha bati, sharubu nyeupe mdomoni. Mwanzoni mama alikuwa amekaza uso kama mtu wa picha ya kitambulisho. Nikamtania, nikamwambia acheke kidogo, akacheka, na picha zote za baada ya hapo zikatoka na uhai.

Tulizijaribu tena kwa watu wengine, wa vibanda vya mbele. Mzee mmoja aliangalia ile ya povu kwa muda mrefu, akasema, "Ni yule mama wa maziwa. Anangoja yapande." Haki ya nani nilitaka kumkumbatia. Miaka yote nilikuwa nimetengeneza vitu vya kupamba. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichotengeneza ambacho mtu alikisoma bila kusoma.

Basi nikampa rafiki yangu kazi yote. Na nilimpa faili yenyewe, ile inayofunguka na kubadilishwa, si ile iliyofungwa. Mtu wa kazi yangu hampi mteja faili hiyo. Lakini huyu hakuwa mteja. Huyu alikuwa na ufunguo wa nyumba yangu.

Mazungumzo ya kwanza yalifanyika kanisani Ngaremara, asubuhi. Nilifunga duka nikaenda, kwa sababu nilitaka kuona nyuso za watu. Tulikuta madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili projekta ionekane, shuka jeupe limefungwa ukutani, jenereta inanguruma nje. Nyuma kulikuwa na wageni wa mradi kutoka Nairobi, wamepewa viti vya plastiki. Mbele kabisa alikuwa mama wa maziwa na mtoto wake, amevaa kama siku ya picha. Watu walikuwa wanamtania, wanamwambia leo tuko sinema yako. Rafiki yangu alikuwa amevaa blauzi yangu ya buluu.

Mambo yakaanza vizuri. Mbuzi akatokea, wakamtambua ni mbuzi wa nani. Mama akatokea akikama, ukumbi ukapiga vigelegele. Rafiki yangu alikuwa anauliza "Mnaona nini?" na ananyamaza, kama tulivyojifunza. Nikajisikia mwepesi. Nilikuwa nimesimama kando ya projekta, naona vumbi likicheza kwenye mwanga, nawaza kesho nitaanza picha zile za kondo la mbuzi.

Slaidi iliyofuata sikuwa nimeitengeneza mimi.

Shuka lilikuwa limegawanywa mara mbili. Upande wa kulia, mama nisiyemjua, mweupe wa ngozi, nywele za saluni, glasi ya maziwa mkononi, na lile lile jiko la gesi. Upande wa kushoto, mama wa maziwa. Ilikuwa picha yangu, ile ya kumimina, lakini imekatwa chini. Sufuria imeondolewa. Kilichobaki ni yeye na kibuyu chake, anamimina, anacheka. Na juu yake, kutoka bega mpaka nyonga, eksi nyekundu.

Rafiki yangu akasema, "Hii ni mbaya. Hii ni nzuri." Akasema maneno mengine pia, kwamba si mama mwenyewe ni mbaya, ni kunywa maziwa mabichi. Alisema hayo kwa mdomo, na mimi niliyasikia. Lakini mle ndani watu walikuwa wanatazama shuka.  Nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, kutoka ukutani kwenda kiti cha mbele. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu naye akamvuta mtoto wake mapajani. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari ya mvua, "Serikali ilimpaka lini?"

 Mama wa maziwa aliangalia ule uso wake ukutani, akarekebisha nguo begani, akamshika mtoto mkono, akatoka. Kwa kuwa mlango ulikuwa nyuma, ilibidi apite katikati ya watu wote. Kule nyuma mgeni mmoja alikuwa anaandika kitu, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilimkuta rafiki yangu nje, kando ya jenereta, wageni walipokuwa wanakunywa soda.  Hasira zangu zina mdomo, kila mtu Isiolo anajua, lakini siku hiyo sauti ilitoka ndogo.

"Umefanya nini?"

"Usianze hapa," akasema. "Wageni walitaka mbaya na nzuri. Slaidi zao zote ziko hivyo. Ni moja tu."

"Ulisikia maneno ya eksi. Ulikuwa umekaa na mimi."

"Nilisikia. Sasa mimi ningewaambia nini? Kwamba mama mmoja wa barabara amesema?"

"Ndiyo. Ungewaambia hivyo hivyo. Na sufuria? Nani alikata sufuria?"

 Akaangalia viatu vyake.

"Kama ni lazima uweke mbaya," nikasema, "kwa nini yeye? Si ungechukua huyo wa gesi umpake yeye?"

Ndipo akainua macho, na alilosema hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo linanikera mpaka leo. Alilisema kama mtu anayenisifu.

"Si ni wewe ulinifundisha? Ulisema watu wanakumbuka uso wanaoujua."

 Alikuwa amechukua kitu kizuri nilichompa kwa moyo mweupe, akakinoa, akakitumia hivyo, tena akiwa na blauzi yangu mgongoni. Ningeweza kuelewa kama angekosea. Watu wanakosea. Lakini huyu alichagua. Alikaa mahali fulani na kompyuta, akafungua picha, akavuta ule mstari wa kukata mpaka sufuria ikaisha, akaenda mahali pa maumbo, akachagua eksi, akachagua rangi. Kila hatua ingemtosha kukumbuka, na kila hatua aliendelea.

Wageni walifurahi. Walisema wamependa sana picha za mahali penyewe, na kwamba slaidi zipelekwe kila mahali mradi ulipofika. Rafiki yangu akapewa kuzisimamia. Nikamwambia aitoe ile moja, nikamwomba, nikamsihi mlangoni kwake kama mtu anayedai haki kwa chifu. Akasema ataitoa. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hivyo, wiki baada ya wiki, akiniita mpenzi, akiniambia niache presha. Mwishowe akaanza kufunga mlango wake mapema.

Kule Ngaremara mambo yalienda vile ulivyokwisha kudhani. Walimu wakaanza kununua maziwa kwingine. Dereva wa lori anasimama, utingo anamnong'onezea, gari linasonga mbele mpaka kwa mama mwingine. Hakuna mtu alimtukana. Walimsalimia vizuri, ejoka, ejoka, wakapita. Wenzake waliokuwa wanakaa karibu naye wakasogeza viti vyao, kila siku kidogo. Hawakuwa na chuki naye. Walikuwa na watoto, na walikuwa wamefundishwa kwamba ukikaa karibu na kitu kilichopakwa, tinga halichagui.

Mimi, mjinga wa picha, nikafikiri picha itatibu picha. Nilichukua zile zangu za kweli, nzima, na sufuria yake, nikaenda nazo nikiwa na kompyuta. Nikawakalisha wale akina mama tuliojaribu nao mwanzoni. Nikawaonyesha mama wa maziwa anamimina kwenye sufuria. Nikawaonyesha povu linapanda. Nikauliza, "Mnaona nini?" nikanyamaza.

Wakazitazama kwa huruma. Mmoja akasema, "Walimshika, sasa amefundishwa. Ni vizuri."

Nilitaka kupiga kelele. Tulikuwa tumewafundisha kusoma picha moja baada ya nyingine, na sasa walisoma sawa sawa. Eksi ilitangulia, povu likafuata, na hadithi ikawa ya mama aliyekuwa anawauzia watu ugonjwa mpaka serikali ikamkamata. Kila picha nzuri niliyoongeza ilikuwa inathibitisha ile mbaya. Nikasema kwa mdomo kwamba sivyo, kwamba huyu mama hakukosa chochote, kwamba sisi ndio tulikosa. Wakaitikia ndiyo, kwa adabu. Nilikuwa naijua hiyo ndiyo.

Nikaenda nyumbani kwake. Kibanda chake cha barabarani kilikuwa kitupu. Nilimkuta nje ya boma, anachambua majani ya kuwapa mbuzi wadogo. Hakuinuka. Nikakaa chini, maana hakunipa kiti. Nikamwambia yote: kwamba sikujua, kwamba rafiki yangu alibadilisha bila kuniambia, kwamba nimegombana naye mpaka hatusemezani, kwamba mimi pia nimeuzwa. Nililia. Sikupanga kulia, na nilijichukia kwa kulia mbele ya mtu aliyekuwa na sababu ya kulia kuliko mimi.

Akaningoja nimalize. Halafu akasema, "Nitoe."

Nikafungua kompyuta. Akasogea, akakaa kando yangu, na nikazifuta mbele yake, moja moja, akizihesabu kwa macho. Kukama. Kumimina. Povu. Mtoto na sharubu zake za maziwa. Kwenye hiyo ya mtoto aliuzuia mkono wangu kidogo, akaitazama, halafu akasema pia hiyo. Nikafuta.

"Na ile ya rafiki yako?"

"Hiyo sina. Iko kwa kompyuta yao."

"Imefika Kipsing," akasema. "Dadangu ameolewa huko. Alinipigia simu. Waliiweka kwa ukuta ya shule, watu wote wakaniona. Watu wanamuuliza, huyu dada yako, kama anapatia watu ugonjwa, mbona anacheka?"

 Nikasema tena kwamba ni rafiki yangu, si mimi. Nikasema yeye ndiye alikata, yeye ndiye alipaka, yeye ndiye alimshika mkono na kumwahidi. Nilisema hivyo kwa uchungu wangu wote, na ilikuwa kweli yote.

Akaniangalia bila hasira yoyote.

"Huyo rafiki yako mimi simjui," akasema. "Siku ya picha, ni wewe uliniambia nicheke. Nikakuchekea wewe."